Unapomwandikia fundi wa picha: cha kuondoa, cha kuacha na bei za kuweka

Nahariri picha za wafanyabiashara wa sokoni, na swali linalonirudia kuliko yote ni hili: "Nikuandikieje ili picha irudi kama ninavyoitaka?" Mara nyingi linakuja baada ya picha kurudi imeharibika. Mwenye meza alimwandikia kijana wa picha, "Kaka, nisafishie hii na uniwekee bei," kisha akaletewa picha isiyo na mizani, na dagaa wa robo kilo wameandikwa bei ya kilo nzima.

Kijana hakuwa mzembe. Aliambiwa asafishe, naye kwa macho yake mizani iliyochakaa ilikuwa uchafu. Bei nazo hazijui. Anajua ulizomwandikia, kwa namna ulivyoziandika. Kwa hiyo makala haya yanahusu ujumbe mmoja tu: ule unaomtumia fundi pamoja na picha ya meza yako.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Mama anauza nafaka soko la Tandika, Dar es Salaam: mchele wa aina mbili, maharage, sembe, karanga na dagaa. Anataka picha moja ya kuweka Status ya WhatsApp na kwenye kundi la wateja wake, na hiyo hiyo aichape aibandike kwenye nguzo ya meza. Fundi yuko Mwanza. Hajawahi kufika Tandika na hatafika.

## Kwanza ondoa kwa mkono

Watu wengi wanadhani fundi akiondoa ndoo kwenye picha, nyuma yake patajitokeza maharage yaliyofichwa na ndoo. Hapajitokezi kitu. Kamera haikuyaona maharage hayo, kwa hiyo hayamo kwenye picha. Anachofanya fundi ni kuchukua vipande vya maharage ya pembeni na kuvipandikiza pale palipokuwa na ndoo. Ndoo ikiwa ndogo, kazi inakuwa safi. Ikiwa imefunika nusu ya gunia, fundi atarudia kipande kile kile mara nyingi, na jicho la mteja litahisi kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Ndiyo maana kila kinachoweza kubebwa, kibebe kabla ya kupiga picha:

- ndoo na mabeseni matupu, fagio, kandambili, chupa ya maji, sahani ya chakula cha mchana;
- salfeti tupu zilizokunjwa chini ya meza na kanga iliyoning'inizwa juani;
- mifuko ya plastiki ya kubebea. Tanzania Bara imeipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo kama bado inaning'inia mezani, cha kusafisha kwanza ni meza yenyewe;
- daftari la madeni.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Nimeona picha nyingi zenye daftari limefunguliwa kando ya mizani, majina ya wadaiwa na namba zao za simu yakisomeka ukivuta picha karibu. Usiseme, "Fundi ataliondoa." Ukishamtumia picha, majina ya watu yameshatoka mikononi mwako. Funga daftari, liweke chini ya meza, ndipo upige.

Kwa fundi bakiza yale usiyoweza kuyasogeza: waya wa umeme unaopita juu, tangazo lililobandikwa ukutani nyuma yako, pikipiki ya mteja wa jirani, mtu aliyepita wakati unabonyeza.

"Lakini nimeshapiga, na mzigo umeshauzwa." Hapo bado lipo la kufanya. Simama pale pale uliposimama, shika simu kwa urefu ule ule, piga picha nyingine ya sehemu hiyo baada ya kuondoa kitu. Hata kama gunia limepungua, fundi atapata sakafu halisi, ukuta halisi na mguu halisi wa meza wa kuunganisha na picha ya kwanza. Hiyo inamsaidia kuliko maelezo ya maneno elfu.

Na jambo moja kuhusu mwanga, maana meza nyingi zimefunikwa turubai la bluu. Mwanga unaopita kwenye turubai hilo unaupaka mchele rangi ya samawati, na mchele mzuri unaonekana kama uliolowa. Ukiweza, inua turubai upande mmoja kabla ya kupiga. Usipoweza, piga picha ya pili ukiwa umelaza karatasi nyeupe juu ya gunia. Fundi ataitumia karatasi hiyo kujua weupe halisi ulivyo mahali pale, arekebishe picha yote kwa kipimo hicho.

## Tuma faili lenyewe

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa upande mrefu inaweza kumfikia fundi ikiwa na nukta 1,600 hivi. Kwa Status inatosha. Kwa kuchapa haitoshi: karatasi ya A3 ina urefu wa sentimita 42, na nukta 1,600 zikisambazwa kwenye urefu huo, chembe za mchele zinayeyuka na kuwa ukungu.

Namna ya kuepuka ni rahisi. Bonyeza alama ya kuambatisha, usichague picha kwenye "Gallery", chagua "Document", kisha itafute picha yako humo. Itakwenda kama ilivyo. Inakula bando zaidi, lakini ni mara moja tu.

Makosa mawili ninayoyaona kila mara hapa:

1. Kumtumia fundi picha uliyoipiga skrini kutoka kwenye Status yako ya zamani. Hiyo imeshapunguzwa na ina maandishi juu yake.
2. Kuipamba picha kwanza kwa vichujio vya simu. Rangi ikishazidishwa, fundi hawezi kuirudisha ilivyokuwa.

## Weka namba juu ya picha

"Ondoa kile cha kushoto nyuma ya gunia." Kushoto kwa nani? Kwako uliyesimama nyuma ya meza, au kwa anayetazama picha? Magunia ni sita. Ni gunia lipi?

Dawa yake ni namba. Fungua picha kwenye simu, bonyeza sehemu ya kuhariri, chagua kalamu, zungushia duara kila unachotaka kiondoke, na ndani yake andika 1, 2, 3. Kwa vitu vya kubaki tumia herufi: A, B, C. Kwa mahali pa vibao vya bei chora msalaba mdogo na uandike B1, B2 na kuendelea. Tumia rangi tatu tofauti kama simu yako inaruhusu.

Kisha hifadhi kama nakala, usifute ya kwanza. Unamtumia fundi picha mbili: moja safi isiyoguswa, ambayo ndiyo ya kufanyia kazi, na moja yenye namba, ambayo ni ramani. Mtu akituma ile yenye duara peke yake, fundi anaanza kazi kwa kufuta kalamu yako.

## Orodha ya kuondoa: taja pia kinachokuja mahali pake

Kila mstari wa orodha yako uwe na mambo matatu: namba, kitu chenyewe, na kinachotakiwa kuonekana pale kitakapotoka. Hili la tatu ndilo linalosahauliwa. Ukiandika "ondoa pikipiki", fundi wa Mwanza hajui kama nyuma ya pikipiki kuna ukuta, ukumbi wa soko au meza ya jirani. Atabahatisha. Ukiandika "ondoa pikipiki, nyuma yake ni ukuta wa matofali uliopakwa chokaa, unaendelea hadi kwenye nguzo", hana cha kubahatisha.

Taja na kivuli. Kitu kikiondolewa kivuli kikabaki, picha inamsuta mwenyewe. Mstari mmoja unatosha: "Kila unachoondoa, ondoa na kivuli chake."

Kuhusu watu, kuwa mwangalifu. Mteja aliyenaswa akichagua dagaa hakuja sokoni kutangaza biashara yako, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Muombe ruhusa, au mwambie fundi amwondoe. Kama kumwondoa kutaharibu picha, sura ifunikwe kwa ukungu.

## Orodha ya kuacha ni muhimu zaidi

Hii karibu hakuna anayeiandika, na ndiyo inayozuia hasara. Jicho la fundi limezoea kutafuta chochote chenye maandishi, kilichobandikwa au kilichochakaa, akifute. Kwenye meza ya soko, baadhi ya vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyokupa imani ya mteja.

Cha kwanza ni stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa kwenye mizani. Mizani ya biashara inahakikiwa kila mwaka, na stika ile ndiyo inayomwambia mnunuzi kwamba kilo yako ni kilo. Kwenye picha inaonekana kama karatasi iliyochubuka. Fundi akiifuta, ametoa shahidi wako. Mwandikie waziwazi: mizani ibaki, stika ibaki, na ikiwezekana isomeke.

Cha pili ni kibao cha Lipa Namba. Hapa hatari ni mbili. Fundi anaweza kukiondoa akidhani ni tangazo la kampuni ya simu, au anaweza kukinoa kiasi kwamba 6 inageuka 8. Andika namba yenyewe kwa tarakimu kwenye ujumbe, pamoja na jina linalotokea mteja anapolipa, ili fundi alinganishe. Kama kibao kimefifia, mwambie aiandike upya pembeni kwa maandishi safi kuliko kujaribu kukifufua.

Cha tatu ni namba ya kizimba chako kama imeandikwa kwenye nguzo au meza. Mteja mgeni anaitafuta hiyo hiyo akifika.

## Bei: andika kama unayemwandikia mgeni

Sokoni tunasema "buku mbili jero", "elfu tatu na mia mbili", "tatu mia mbili", na wote tunaelewana. Kwenye ujumbe wa kibao cha bei, weka tarakimu kamili: 3,200. Usiandike 3.2. Usiandike "3200 au 1700 nusu" kwenye mstari mmoja. Kama fundi wako yuko Nairobi au Kampala, andika na sarafu, TSh, kwa sababu kwake "sh" ni ya kwao.

Kila kibao kina mambo matatu, na yote uyaandike wewe: jina la bidhaa, bei, kipimo. Kipimo ndicho kinacholeta ugomvi. Dagaa, wengi wananunua robo; mchele, wananunua kilo. Fundi akiona vibao vitano vya "kwa kilo", cha sita atakiandika "kwa kilo" bila kufikiri, na mteja atakuja na picha mkononi akidai kilo ya dagaa kwa bei ya robo. Tena andika kwa kilo na sehemu zake, si kwa kisado wala ndoo. Wakala wa Vipimo wanasisitiza mizani, na mteja wa mbali hajui kisado chako kimejazwaje.

Mambo mengine ya kumwelekeza kuhusu vibao:

- Idadi. Visizidi sita kwenye picha moja. Ukiwa na bidhaa kumi na tano, tengeneza picha tatu. Picha yenye vibao kumi na tano haisomwi na mtu anayeipitisha kwa kidole.
- Ukubwa. Tarakimu ya bei iwe kubwa kuliko jina. Picha ikijaa skrini ya simu, tarakimu isipungue milimita nne kwenda juu. Pima kwa rula, si kwa makisio.
- Rangi. Nyeusi juu ya njano au juu ya nyeupe. Nyekundu juu ya kijani iache, wapo wasioweza kutofautisha rangi hizo.
- Mahali. Kibao kiguse au kielekee bidhaa yake moja tu. Kikikaa katikati ya mchele na sembe, kila mteja atachagua bei anayoipenda.
- Kingo. Kwa Status, acha nafasi juu na chini. Sehemu ya juu inafunikwa na jina lako na saa, ya chini inafunikwa na sehemu ya kujibu.

Wengi wanaomba vibao vionekane kama vimechomekwa kwenye magunia kweli. Inawezekana, ila kila kibao inabidi kiinamishwe kufuata mlalo wa gunia na kiwekewe kivuli, na bei ikibadilika kazi inaanza upya. Mimi nashauri vibao bapa, vyenye mshale mdogo. Havijifanyi kuwa kitu kingine, na kubadilisha bei kunachukua dakika chache.

Weka na tarehe. Status inafutika baada ya saa 24, lakini mtu akishaihifadhi picha au kuituma kwenye kundi lingine, inaishi. Miezi mitatu baadaye mchele umepanda, na mteja anakuonyesha bei ya zamani. Maandishi madogo chini, "Bei hizi ni hadi tarehe fulani", yanakuokoa na mabishano hayo.

"Nikitangaza bei, jirani atashusha ya kwake." Atashusha hata usipotangaza, anasikia ukiitaja kwa sauti kutwa nzima. Unayemsaidia kwa kibao ni mteja wa mbali, ambaye akikosa bei haulizi, anapita. Kama ipo bidhaa ambayo bei yake inayumba kila asubuhi, usiiwekee kibao kabisa. Andika "Uliza bei ya leo" na namba ya simu.

## Ujumbe mzima unavyokuwa

Haya, turudi kwa mama wa Tandika. Ujumbe wake ungekuwa hivi (bei ni za mfano, weka zako):

> Hujambo mwanangu, habari za kazi. Nimekutumia picha tatu kwa njia ya Document. Ya kwanza ni safi, fanyia kazi hiyo. Ya pili ina namba za kukuongoza. Kushoto na kulia ni kwa anayetazama picha.
>
> ONDOA
> 1. Waya unaopita juu, kuanzia nguzo ya kushoto hadi mwisho wa picha. Nyuma yake ni turubai la bluu.
> 2. Pikipiki iliyo kulia. Nyuma yake ni ukuta mweupe wa chokaa, hauna kitu.
> 3. Tangazo lililochanika ukutani. Ukuta uendelee.
> 4. Mtu mwenye shati la mistari aliye nyuma. Nimekuwekea picha ya tatu ya sehemu hiyo akiwa ameshaondoka.
>
> Kila unachoondoa, ondoa na kivuli chake.
>
> ACHA, USIGUSE
> A. Mizani na stika yake.
> B. Kibao cha Lipa Namba. Namba na jina nimekuandikia kwenye ujumbe unaofuata, linganisha.
> C. Namba ya kizimba kwenye nguzo.
> D. Magunia yote sita na vilivyomo. Usiongeze wala usijaze.
>
> BEI (TSh)
> B1. Mchele wa Kyela – 3,200 – kwa kilo
> B2. Mchele wa Shinyanga – 2,600 – kwa kilo
> B3. Maharage ya njano – 3,600 – kwa kilo
> B4. Sembe – 1,700 – kwa kilo
> B5. Karanga – 4,000 – kwa kilo
> B6. Dagaa wa Mwanza – 2,500 – kwa ROBO kilo
>
> Maandishi meusi juu ya njano, vibao bapa. Chini kulia weka: "Bei hizi ni hadi tarehe 30."
>
> NINACHOHITAJI
> Picha ya wima ya Status, 1080 kwa 1920. Picha ya kuchapa A3. Na moja safi isiyo na bei.
>
> Kama kuna usichoelewa niulize kabla hujaanza. Mwanangu, niambie na gharama, na siku utakayomaliza.

Ni mrefu, ndiyo. Kuuandika ni kazi ya robo saa, na unauhifadhi. Mwezi ujao unabadilisha mistari ya bei tu.

"Mimi napenda sauti, kuandika kunanichosha." Tuma sauti kwa maelezo ya kuondoa na kuacha, ukiwa na ramani yenye namba. Bei andika. Mia tatu na mia sita kwenye kelele za soko zinasikika vilevile, na ubishi ukitokea hakuna atakayetaka kuisikiliza sauti ya dakika nne kutafuta tarakimu moja. Kama macho yanasumbua, mtoto au jirani akuandikie, halafu akusomee kabla ya kutuma.

## Kubalianeni kabla hajafungua faili

Mambo manne yanatosha, yote kwa maandishi: gharama, malipo ya kwanza, siku ya kukabidhi, na marekebisho mangapi yamo ndani ya gharama hiyo. Kwa kazi ya namna hii mizunguko miwili ya marekebisho ni haki.

Tofautisheni kosa la fundi na badiliko lako. Uliandika 3,600 akaweka 3,900: ni kosa lake, analirekebisha bure hata mara tano. Uliandika 3,600, kesho yake maharage yakapanda ukataka 3,800: ni badiliko lako, anaweza kulitoza. Mkilisema hili mapema, hakuna atakayemnunia mwenzake.

Omba pia faili la kazi lenye vibao vinavyoweza kubadilishwa, kama ni PSD au kiungo cha Canva. Mafundi wengine hawalitoi, wengine wanaongeza gharama kidogo. Ni haki yao, ila uliza mwanzoni. Ile picha safi isiyo na bei usikubali kuikosa. Ukiwa nayo, fundi yeyote anaweza kukuwekea bei mpya siku nyingine.

## Usiyopaswa kumwomba

Kuondoa waya na pikipiki ni kufagia mbele ya meza. Kubadilisha bidhaa ni jambo jingine kabisa. Usimwombe fundi afute matundu ya fukusi kwenye maharage, aufanye mchele uwe mweupe kuliko ulivyo, azibe mchanga kwenye dagaa, au ajaze gunia lililo nusu ili uonekane muuzaji wa jumla. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na hata isingekataza, mteja atafungua mfuko nyumbani kwake.

Kurekebisha ule usamawati wa turubai kunaruhusiwa, maana lengo ni mchele uonekane kama unavyoonekana ukiushika mkononi juani. Ukipita hapo umeanza kudanganya. Usimwombe pia afute jina la duka la jirani na kuweka lako mahali pake. Likikukera, mwambie akate picha upande huo.

## Picha ikirudi, ikague hivi

Usijibu "Asante, safi" kwa kuitazama mara moja ukiwa unapima mchele. Tafuta dakika tano za utulivu.

1. Weka ujumbe wako na picha pamoja. Soma bei moja moja kutoka kwenye ujumbe, si kutoka kichwani. Bora mtu mwingine akusomee na wewe utazame.
2. Soma kipimo cha kila kibao peke yake, baada ya kumaliza bei. Ukisoma vyote kwa pamoja macho yanaruka "kilo".
3. Vuta picha karibu kila mahali palipokuwa na namba ya kuondoa. Tafuta pacha: doa lile lile limejirudia ukutani, harage lenye ufa ule ule mara tatu. Tafuta kivuli kisicho na mwenyewe. Tazama mstari wa ukingo wa meza kama umepinda ghafla, na mguu wa mizani kama upo.
4. Tazama stika, namba ya kizimba, na Lipa Namba tarakimu kwa tarakimu. Lipa Namba jaribu: ingiza namba inayosomeka kwenye picha uone jina linalotokea, kisha ughairi kabla ya kuweka namba ya siri.
5. Nyoosha mkono, shika simu mbali na uso. Bei usiyoisoma hapo, mteja mwenye umri wako hataisoma.
6. Kwa ile ya A3, chapa kwanza nakala moja. Ibandike kwenye nguzo, rudi nyuma hatua kumi, usome.

Ukikuta makosa, yakusanye yote, uyatume kwa ujumbe mmoja kwa namba zile zile: "B6 iandikwe kwa robo kilo. Namba 2, kivuli cha pikipiki kimebaki sakafuni." Ukituma kosa moja asubuhi, jingine mchana, jingine usiku, umemaliza mizunguko yako miwili kabla ya kazi kuisha.

Na bei ikibadilika, kabla ya kuweka picha mpya, iondoe ile ya zamani kwenye Status na kwenye kundi, na ubandue ya kwenye nguzo.